Filamu ya Mapanki kwenye orodha ya marejeo

Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea tasnifu yake niipitie kabla hajaikabidhi kwa msimamizi. Aliandika kuhusu biashara ya sangara Mwanza: viwanda vya minofu, wavuvi wa mikataba, na wanawake wanaokaanga mabaki ya samaki. Kazi yenyewe ilikuwa ya mtu aliyekaa ufukweni akasikiliza watu. Nilipofika kwenye marejeo, katikati ya vitabu na makala za majarida, nikakuta mstari huu:

Filamu ya Mapanki. (2006). YouTube.

Nilimpigia simu. Akaniambia, "Mwalimu, hiyo filamu kila mtu anaijua." Na ni kweli kwamba kwa mtu wa Kanda ya Ziwa aliyekuwa na umri wa kusoma magazeti mwaka 2006, jina hilo linatosha. Mapanki ni vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya kiwanda kutoa minofu, na picha za mapanki yakianikwa na kukaangwa ndizo zilizowaumiza Watanzania wengi kuliko kitu kingine chochote katika filamu ile. Lakini hakuna filamu iliyowahi kutolewa kwa jina hilo. Mtu wa Nairobi, Kampala au Viena anayetaka kuona kile mwanafunzi alichokiona hataipata kwenye katalogi ya maktaba yoyote kwa kutafuta "Filamu ya Mapanki".

Filamu inayozungumzwa ni *Darwin's Nightmare* ya Hubert Sauper, Mwaustria. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Venisi mwaka 2004. Ina urefu wa dakika 107. Nchini Ufaransa ilitoka kwa jina la *Le Cauchemar de Darwin*, na kwa Kijerumani huitwa *Darwins Alptraum*. Mstari wa mwanafunzi ulikuwa na vitu vitatu tu, na vyote vitatu, jina, mwaka na kampuni, vilikuwa vimekosewa. Cha nne, yaani mwongozaji, hakikuwepo kabisa. Nilikaa naye jioni nzima tukautengeneza, na nimeona niandike tulivyofanya kwa sababu kosa hilohilo nalikuta kwenye kazi nyingi ninazopitia.

Tulianza na jina. Kanuni ni kuandika jina lililo kwenye skrini ya nakala uliyoitazama, si jina ambalo watu wameipa filamu wala tafsiri yako. Alikuwa amefikiria pia kuandika "Jinamizi la Darwin", kwa kuwa tasnifu yake ni ya Kiswahili. Tafsiri inaruhusiwa, ila inakaa kwenye mabano ya mraba baada ya jina la asili, ili msomaji ajue kwamba ni ya kwako. Jina la mitaani nilimshauri asilitupe. Lina thamani kubwa katika kazi inayohusu namna filamu ilivyopokelewa Tanzania, ila mahali pake ni ndani ya maandishi: aseme mara moja kwamba filamu hii hapa nchini ilijulikana kama Filamu ya Mapanki, kisha aendelee. Mwenye nakala ya Kifaransa ataandika jina la Kifaransa. Hapo aangalie asije akaorodhesha filamu moja mara mbili kana kwamba ni mbili, jambo ambalo hutokea mtu anapokusanya marejeo kutoka kwenye makala za lugha tofauti.

Halafu mwaka. Nilimuuliza 2006 aliitoa wapi. Alikuwa ameisoma sehemu mbili. Mwaka huo Rais Jakaya Kikwete aliilaumu filamu hadharani, na magazeti yakajaa habari zake. Mwaka huohuo pia filamu ilikuwa miongoni mwa zilizoteuliwa kuwania Oskari ya filamu bora ya hali halisi. Mwaka wa mjadala na mwaka wa tuzo ndiyo miaka inayomjia mtu kichwani, na yote miwili si mwaka wa filamu. Sherehe ya Oskari huangalia filamu zilizooneshwa mwaka uliotangulia, tena kwa hesabu ya maonesho ya Marekani. *Darwin's Nightmare* iliingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwaka 2005, ikawania Oskari mwanzoni mwa 2006, wakati ilikuwa imeshaoneshwa Venisi tangu 2004.

Kwa hiyo filamu moja ina miaka mitatu inayozunguka kwenye maandishi ya watu, na kila mmoja una sababu yake. Ukichukua makala tano zinazoitaja utakuta mingine imeandikwa 2004 na mingine 2005, na hakuna aliyedanganya. Hapa ndipo nilipotaka mwanafunzi atulie, maana mwaka hausomeki peke yake. Unasomeka pamoja na jina la kampuni linaloufuata.

Filamu kama hii inapita kwenye mikono ya aina mbili kabla ya kumfikia mtazamaji. Kuna waliotafuta fedha na kuitengeneza, yaani kampuni za utayarishaji. *Darwin's Nightmare* ilikuwa nazo tatu: Mille et Une Productions ya Ufaransa, coop99 ya Austria na Saga Film ya Ubelgiji. Kisha kuna wasambazaji, ambao kila mmoja anachukua haki ya kuionesha au kuiuza katika nchi fulani kwa muda fulani. Marekani ilisambazwa kwenye majumba ya sinema na International Film Circuit, mwaka 2005. Nchi nyingine zilikuwa na wasambazaji wengine, na diski za nyumbani mara nyingi zinatolewa na kampuni tofauti kabisa na ile iliyoipeleka sinema. YouTube haimo katika kundi lolote kati ya haya. Aliyeipandisha huko ni mtu tu mwenye akaunti.

Sasa ukiandika kampuni za utayarishaji, mwaka unaokwenda nazo ni 2004, mwaka filamu ilipokamilika na kuoneshwa. Ukimwandika msambazaji wa Marekani, mwaka unaokwenda naye ni 2005. Ukiandika "International Film Circuit, 2004" umeunda toleo ambalo halikuwahi kuwepo, kwa sababu mwaka 2004 kampuni hiyo haikuwa imeipeleka filamu popote. Kila kipande kikikaguliwa peke yake kinaonekana sahihi, na ndiyo maana kosa hili hupita mbele ya macho ya wasimamizi wengi. Mimi huligundua kwa swali moja: je, kampuni hii ilifanya nini na filamu hii katika mwaka huu? Kama jibu halipo, mwaka na kampuni vimechukuliwa sehemu mbili tofauti vikaunganishwa mezani.

Mitindo ya marejeo nayo haikubaliani kuhusu kampuni ipi itajwe. Chuo chake kinatumia APA, toleo la 7, na hapo kinachotakiwa ni kampuni ya utayarishaji. Zikiwa zaidi ya moja zinatenganishwa kwa nukta mkato. Toleo la 6 lilikuwa likitaka nchi filamu ilikotoka na studio, na bado nakutana na walimu wanaofundisha hivyo. MLA inatafuta mchapishaji wa kazi, na kwa filamu huyo mara nyingi ni msambazaji. Chikago inampenda mtu anayetaja toleo alilolishika mkononi, kwa hiyo unaweza kuandika mwaka wa kwanza wa filamu, nukta mkato, halafu kampuni iliyotoa diski na mwaka wa diski. Sipendelei mtindo mmoja kuliko mwingine, ila nauona huu wa Chikago kuwa ndio unaosema ukweli wote pale ambapo mtu ametazama diski iliyotolewa miaka kadhaa baada ya filamu.

Mwongozaji hakutusumbua. Katika filamu ya hali halisi yeye ndiye anayekaa mahali pa mwandishi wa kitabu, na kwa filamu hii hakuna ubishi kwa kuwa Sauper ndiye aliyeiandika na kuiongoza. Katika APA jina lake linatangulia, na wadhifa wake unatajwa kwenye mabano. Unapoandika kwa Kiswahili unaandika Mwongozaji. Mstari ukawa hivi:

Sauper, H. (Mwongozaji). (2004). *Darwin's nightmare* [Jinamizi la Darwin] [Filamu]. Mille et Une Productions; coop99; Saga Film.

Herufi ndogo kwenye neno la pili la jina si kosa la kuchapa. APA inataka herufi kubwa mwanzoni mwa jina la kazi na kwenye majina ya pekee tu, na Darwin ni jina la mtu. Angekuwa anaandika kwa MLA, angepata mstari mfupi unaoanza na jina la filamu, herufi kubwa kwenye maneno yote mawili, na kampuni na mwaka vikiwa vimeandamana:

*Darwin's Nightmare*. Imeongozwa na Hubert Sauper, International Film Circuit, 2005.

Akaniuliza kama haitakuwa udanganyifu kutotaja YouTube wakati ndiko alikoitazama. Ni swali zuri na jibu lake linategemea unachokinukuu. Ukinukuu video ambayo mwenye akaunti ameitengeneza mwenyewe, jina la akaunti ndilo linalokaa mahali pa mwandishi. Ukitazama filamu ya mtu mwingine iliyopandishwa na asiye na haki nayo, unanukuu filamu, na aliyeipandisha haingii. APA haitaki hata kujua uliitazama wapi, isipokuwa kama toleo lenyewe ni la pekee, mathalani limehaririwa upya au lina maelezo ya ziada ya mwongozaji. Ila kuna sharti moja ambalo halimo kwenye mwongozo, nalo nalisisitiza kwa kila anayekuja kwangu: hakikisha ulichokitazama ni filamu nzima.

Njia ya kujua ni kulinganisha urefu. Nakala yake ilikuwa na dakika kama 103, si 107. Alishtuka, akadhani zimekatwa dakika nne, pengine zile zenye ubishi. Nikamwambia tupige hesabu kwanza. Filamu ya sinema huoneshwa kwa picha 24 kila sekunde, na diski na televisheni za mfumo wa PAL, unaotumika Ulaya na kwetu, huenda kwa picha 25. Filamu ikihamishwa kutoka mfumo wa kwanza kwenda wa pili bila kurekebishwa, kila kitu kinakwenda haraka kidogo: zidisha dakika 107 kwa 24, gawanya kwa 25, unapata karibu 103. Hakuna kilichokatwa. Kama ingekuwa dakika 95 ningemwambia asiitumie.

Tofauti hiyo ya dakika nne haina madhara kwenye orodha ya marejeo, lakini ndani ya maandishi inauma. Filamu haina namba za ukurasa. Unaponukuu maneno unataja saa, dakika na sekunde yanapoanza. Tukio lililo kwenye dakika ya 50 kamili katika nakala ya picha 24 litaonekana dakika ya 48 katika nakala ya picha 25. Mtahini mwenye nakala nyingine akifungua dakika ya 48 hatasikia ulichokiandika, na kadiri unavyosogea kuelekea mwisho ndivyo tofauti inavyopanuka. Kwa hiyo pale ambapo nakala yako inatofautiana na urefu unaojulikana, andika katika sura ya mbinu za utafiti, kwa sentensi moja, kwamba dakika zimechukuliwa kwenye nakala yenye urefu wa dakika 103. Mwenye kutaka kuhakiki atajua namna ya kubadilisha.

Baada ya orodha tukarudi kwenye matini, na hapo ndipo nilipokuta jambo zito kuliko mwaka na kampuni. Alikuwa ameandika: "Sauper (2004) anasema ndege zinazobeba minofu huleta silaha." Nikamwomba anioneshe filamu inasema hivyo wapi. Alipeleka mbele, akarudisha nyuma, akapeleka tena mbele. Kilichopo ni watu kadhaa wanaozungumza mbele ya kamera. Yupo rubani wa ndege za mizigo anayesimulia safari yake ya Angola, na uchungu wake kwamba watoto wa Angola walipata silaha kwa Krismasi na wale wa Ulaya wakapata zabibu. Wapo wengine wanaoulizwa ndege huja na nini zinapokuja Mwanza. Yupo pia mlinzi wa usiku mwenye mishale. Sauper anauliza swali lake kwa kupanga shuhuda hizi moja baada ya nyingine, na mtazamaji anatoka na jibu kichwani.

Sentensi ya mwanafunzi ilikuwa imegeuza ushuhuda wa mtu mmoja, kuhusu nchi nyingine, kuwa kauli ya mwongozaji kuhusu Mwanza. Na kwa filamu hii huwezi kulichukulia jambo hilo kirahisi, maana ubishi wote ulisimama hapo. Serikali ya Tanzania ililalamika. Ufaransa, mwanahistoria François Garçon aliipinga filamu kwa maandishi, na mzozo ukafika mahakamani kwa kesi ya kashfa ambayo Sauper alishinda. Anayeandika tasnifu Mwanza kuhusu sangara anaingia katikati ya mabishano hayo, apende asipende.

Kanuni ya kunukuu inasaidia kama ikifuatwa kwa moyo. Kwenye mabano jina ni la mwongozaji, kwa sababu ndiko mstari wa marejeo unakoanzia. Kwenye sentensi, anayetajwa ni aliyesema. Tuliiandika upya hivi: rubani mmoja wa ndege za mizigo anasimulia kwamba aliwahi kupeleka zana za kivita Angola na kurudi na zabibu kwa ajili ya Ulaya, kisha mabano yenye Sauper, 2004 na dakika anapoanza kusema. Sentensi ya pili ikaeleza, kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe, kwamba filamu inaiweka simulizi hiyo kando ya picha za ndege za Mwanza bila kuonesha silaha zikishushwa. Hapo msomaji ana vitu viwili vilivyotenganishwa: alichosema mtu, na alichofanya mwongozaji na maneno ya mtu huyo. Anaweza kukubali cha kwanza akapinga cha pili.

Nilidhani tumemaliza, kumbe aya mbili mbele kulikuwa na nukuu nyingine. Alikuwa ameandika hoja mashuhuri ya Ali Mazrui, kwamba Afrika inazalisha isichokila na inakula isichokizalisha. Hoja hiyo inakaa juu ya minofu ya sangara kama kifuniko na chungu chake, na nilifurahi kuiona pale. Baada yake alikuwa ameweka mabano: Mazrui, 1986, na namba ya ukurasa. Nikamuuliza kama kitabu anacho. Hakuwa nacho. Maneno aliyasikia kwenye kipindi cha televisheni, na namba ya ukurasa aliichukua kwenye makala ya mtu mwingine iliyozungumzia jambo lililo karibu na hilo.

Ni mtego ambao umenasa wengi, na sababu yake inaeleweka. Mwaka 1986 Mazrui alitoa mfululizo wa televisheni wa vipindi tisa uitwao *The Africans: A Triple Heritage*, uliotayarishwa kwa ushirikiano wa BBC ya Uingereza na WETA, kituo cha umma cha Washington. Mwaka huohuo kikatoka kitabu chake chenye jina lilelile. Mwandishi mmoja, jina moja, mwaka mmoja, kazi mbili. Maneno ya kwenye kipindi hayako lazima kwenye kitabu, na hata yanapokuwepo hayakuandikwa vilevile, kwa kuwa kitabu kimeandikwa kwa ajili ya msomaji na kipindi kwa ajili ya sikio. Dalili ya kuwa mtu amechanganya ni hii: nukuu ina mwendo wa mtu anayezungumza, sentensi fupi zinazojirudia, lakini mabano yana ukurasa.

Kipindi alichokitazama ni cha saba, "A Garden of Eden in Decay". Kipindi kimoja cha mfululizo kinanukuliwa tofauti na filamu, kwa kuwa kina jina lake ndani ya jina kubwa, kama sura ndani ya kitabu cha mhariri. Katika APA wanaotangulia ni mwandishi wa kipindi na mwongozaji wa kipindi hicho, kila mmoja na wadhifa wake. Unafuata mwaka, jina la kipindi na namba yake, kisha neno "Katika", mtayarishaji mkuu wa mfululizo, jina la mfululizo na kampuni zilizoutengeneza.

Mwanafunzi alitaka kumwandika Mazrui kuwa mwongozaji. Uso ni wake, sauti ni yake, hoja ni zake, na kwetu watu wa Pwani huo mfululizo ni "wa Mazrui" bila mjadala. Lakini Mazrui aliuandika na kuusimulia. Kuongoza ilikuwa kazi ya watu wa televisheni, na katika mfululizo mkubwa namna ile mwongozaji wa kipindi cha saba si lazima awe wa kipindi cha pili. Jina lake halipatikani kwa kukisia, wala kwa kutazama kava la kanda, ambalo mara nyingi linataja mfululizo mzima. Linapatikana kwenye majina yanayopita mwishoni mwa kipindi chenyewe. Nikamwambia arudi akakitazame hadi picha ya mwisho kabisa, asimamishe, aandike.

Alirudi kesho yake na picha ya skrini aliyoipiga kwa simu. Jina la mwongozaji lilikuwepo. Chini kabisa kulikuwa na herufi alizodhani ni alama ya kampuni: MCMLXXXVI. Ni mwaka 1986 kwa namba za Kirumi. BBC ya miaka ile iliandika hivyo mwaka wa hakimiliki, na watu wengi huuruka wakaenda kutafuta mwaka mitandaoni huku upo mbele ya macho yao. M ni elfu moja, CM ni mia tisa, LXXX ni themanini, VI ni sita.

Majina hayo ya mwishoni yana uzito wake mwingine katika mfululizo huu. Mfuko wa Taifa wa Marekani wa Sayansi za Jamii na Utu, NEH, ulikuwa umechangia fedha. Mwenyekiti wake, Lynne Cheney, alipoona vipindi, hakukubaliana na namna vilivyouzungumzia Umagharibi, akataka jina la mfuko liondolewe miongoni mwa waliotajwa. Likaondolewa. Anayetafuta ni nani aliyeugharimia mfululizo kwa kusoma majina ya mwishoni peke yake hatamwona mfadhili mmoja mkubwa, na kama tasnifu yake inahusu fedha za filamu, jambo hilo ataliandika kwenye matini akitumia chanzo kingine. Pia ndiyo sababu nilimtaka aandike BBC na WETA zote mbili, asichague moja. Mfululizo ulioneshwa Uingereza na Marekani mwaka huohuo, na msomaji wa baadaye anayetafuta nakala anaweza kuipata upande wowote. Vyuo vya Marekani viliupata kupitia mradi wa Annenberg/CPB, na kanda nyingi zilizobaki kwenye maktaba za huko zina jina hilo kama msambazaji. Ukiishika kanda ya namna hiyo na mtindo wako unataka msambazaji, andika jina hilo.

Kwa wale ambao mtindo wao ni MLA na hoja yao inamtegemea Mazrui peke yake, kuna njia nyepesi isiyomdai mwongozaji. Mstari unaanza na jina la kipindi, na unamtaja yule tu ambaye mchango wake unauzungumzia:

"A Garden of Eden in Decay." *The Africans: A Triple Heritage*, kimeandikwa na kusimuliwa na Ali A. Mazrui, kipindi cha 7, BBC / WETA, 1986.

Yeye kwa kuwa ni wa APA aliuandika ule mrefu, na jina la mwongozaji likaingia baada ya la Mazrui. Likaondoa na tatizo jingine ambalo hakuwa ameliona. Sura yake ya pili ilikuwa inakitumia kitabu cha Mazrui kihalali, kupitia nakala ya maktaba ya chuo, na angekuwa na "Mazrui, 1986" mbili ambazo ingebidi azitofautishe kwa herufi a na b. Sasa kitabu ni Mazrui peke yake, na kipindi ni Mazrui na mwongozaji. Mabano ndani ya matini yanatofautiana yenyewe: moja lina ukurasa, jingine lina dakika.

Kilichobaki kilikuwa ile namba ya ukurasa iliyochukuliwa kwenye makala ya mtu. Tuliifuta. Alikwenda kukipitia kitabu akitafuta hoja ileile, ili kama imo aweze kunukuu vyote viwili, na kama haimo abaki na kipindi peke yake. Alinipigia akiwa maktaba, akinong'ona, kuniuliza kama anaruhusiwa kunukuu maneno ya kipindi kwa Kiswahili na kutaja dakika ya Kiingereza. Nikamwambia anaruhusiwa, mradi aseme kwamba tafsiri ni yake.